Azimio Moja, Vitabu Viwili: Uhakiki wa Uandishi wa Kumbukumbu za Vikao kwa Kiswahili na Kiingereza kati ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kumbukumbu za vikao zinavyoandikwa pale ambapo wajumbe hujadili kwa Kiswahili na Kiingereza, na wasomaji wake hugawanyika katika makundi mawili ambayo kila moja hutegemea toleo la lugha moja tu. Uchunguzi umejengwa juu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na ofisi za Mbarara ambako nyaraka za makazi hayo husomwa. Hoja kuu ni kwamba tofauti kati ya matoleo mawili haitokani na udhaifu wa tafsiri peke yake. Kila toleo huelemea upande wa msomaji wake, na maelemeo hayo hujificha katika sarufi ya sentensi za maazimio. Makala yanachambua azimio moja kwa kina, yanapima suluhisho zilizokwisha kutumika katika mabunge na mikataba, kisha yanapendekeza utaratibu wa kuandika maazimio kwa pamoja ndani ya kikao chenyewe.

1. Utangulizi

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Leo yanakaliwa na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, katika vijiji vilivyogawanywa kwenye kanda zikiwamo Juru na Rubondo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao, hasa waliotoka mashariki ya Kongo na Burundi. Serikali ya Uganda, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, huyasimamia makazi hayo chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006. Wakazi nao huchagua Mabaraza ya Ustawi wa Wakimbizi katika ngazi tatu, kwa mfumo unaofanana na ule wa mabaraza ya mitaa ya Uganda. Pembeni mwa mabaraza hayo zipo kamati za maji, za shule na za afya, pamoja na vikundi vya kuweka na kukopa.

Vyombo hivi vyote hukutana, hujadili na huandika. Kinachoandikwa huenda njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ndani. Daftari hubaki kwa katibu, na mjumbe anayetaka kujua nani alipewa kazi gani hulifungua au husomewa. Njia ya pili huelekea Mbarara, mji uliokuwa makao ya wilaya iliyoijumuisha Isingiro hadi 2005, na ambao hadi sasa una ofisi za kanda za serikali na za mashirika yanayohudumia makazi hayo. Huko msomaji ni afisa anayefanya kazi kwa Kiingereza, ambaye huenda lugha yake ya nyumbani ni Kinyankole na Kiswahili chake ni cha sokoni. Afisa huyo ndiye anayepeleka ombi la vipuri, anayeidhinisha fedha, au anayepokea malalamiko ya mkazi aliyekosa huduma.

Msimamo wa kisheria hauondoi mgawanyiko huu. Katiba ya Uganda ya 1995, katika kifungu cha 6, inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua ya kukiimarisha Kiswahili kama lugha rasmi na kukifanya somo la lazima shuleni. Hatua hizi zinakipa Kiswahili hadhi, lakini hazimwelezi katibu wa kamati ya maji aandike nini kitabuni pale hoja iliyotolewa kwa Kiswahili inapojibiwa kwa Kiingereza na azimio likapitishwa kwa kuinua mikono.

2. Njia tatu zilizozoeleka na kasoro zake

Njia ya kwanza ni kuandika kumbukumbu kwa Kiingereza na kuambatanisha ufupisho wa Kiswahili. Kasoro yake ni kwamba ufupisho haubebi azimio, bali hubeba habari ya azimio. Msomaji wa Kiswahili huambiwa kuwa suala la pampu lilijadiliwa na mchango ukaamuliwa, bila kupewa maneno ambayo anaweza kuyashika mbele ya mwenyekiti. Istilahi yenyewe huchangia mkanganyiko huu. Katika matumizi ya Tanzania, neno muhtasari hutumiwa kwa maana ya kumbukumbu kamili za kikao. Kwa msomaji aliyezoea maana ya kawaida, muhtasari ni maelezo mafupi tu. Katibu anayeombwa alete muhtasari wa Kiswahili anaweza kuleta kurasa sita au mistari sita, na katika hali zote mbili akawa ametii.

Njia ya pili ni kuandika kila kauli kwa lugha iliyosemwa. Ndivyo zinavyofanya taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania na la Kenya, ambako hotuba ya Kiswahili huchapishwa kwa Kiswahili na ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kwa mabunge hayo njia hii inafaa, kwa sababu msomaji anayekusudiwa hutarajiwa kuzijua lugha zote mbili na taarifa hunukuu neno kwa neno. Nakivale masharti hayo mawili hayapo. Katibu haandiki neno kwa neno, na msomaji hujua lugha moja. Kumbukumbu za mchanganyiko humpa kila msomaji nusu ya kikao, na mara nyingi nusu iliyobaki ndiyo yenye jibu la swali lililoulizwa katika nusu aliyoisoma.

Njia ya tatu, inayoonekana kuwa bora, ni kuandika toleo kamili kwa lugha moja kisha kulitafsiri. Njia hii ndiyo inayostahili uhakiki wa kina, kwa kuwa huzaa vitabu viwili vinavyofanana kwa sura. Vina namba zilezile za aya, vichwa vilevile kuanzia mahudhurio, udhuru na akidi hadi yatokanayo na mengineyo, na sahihi zilezile. Kufanana huko huwafanya wasomaji wa pande zote mbili waamini kuwa wanasoma azimio moja.

3. Uchambuzi wa azimio moja

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Hautoki katika kitabu cha kamati yoyote. Vipengele vyake, hata hivyo, ni vya kawaida katika vikao vya lugha mbili.

Kamati ya maji ya kijiji kimoja inakutana kujadili pampu iliyoharibika. Wajumbe wengi wanazungumza Kiswahili cha Kivu, wawili wanazungumza Kiswahili cha Tanzania walichojifunza kambini huko, na mhamasishaji kutoka Mbarara anazungumza Kiingereza. Toleo la Kiswahili linasema:

"Kikao kilikubali kila nyumba ichangie shilingi 2,000 kwa mwezi juu ya pampu, na asiyelipa asichote mpaka aonane na kamati."

Toleo la Kiingereza, likirudishwa katika Kiswahili kwa maana yake, linasema:

"Ilikubaliwa kwamba inafaa familia zichangie shilingi 2,000 kila mwezi kuhusu pampu, na wale watakaoshindwa kulipa wakutanishwe na kamati ili washauriwe."

Ukisoma kwa haraka, haya ni maneno yaleyale. Ukisoma kama mtu anayetakiwa kutekeleza, ni maamuzi mawili tofauti. Tofauti zake zinastahili kufuatwa moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ya kitenzi cha kuamua. Kiswahili hutofautisha kukubali na kukubaliana. Anayekubali hupokea jambo lililoletwa na mwingine, ilhali wanaokubaliana wamelijenga jambo hilo wenyewe. Kiingereza cha kumbukumbu hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili, tena mara nyingi katika kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji. Hivyo kikao ambacho wajumbe walikubali pendekezo la mhamasishaji husomeka Mbarara kama kikao kilichofikia mwafaka wenyewe. Kwa afisa anayepima kama jamii inamiliki mradi wake, tofauti hiyo ndiyo jibu la swali lake, nayo imetoweka bila mtu yeyote kusema uongo.

Ya pili ni ya kipimo. Nyumba si familia. Katika ua mmoja zinaweza kuishi familia mbili, kila moja na hati yake iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Na familia moja kubwa inaweza kulala katika nyumba mbili. Toleo la Kiswahili humdai mwenye ua mara moja, na lile la Kiingereza huwadai watu wa ua huohuo mara mbili. Neno kaya, ambalo lingekuwa tafsiri ya kitaalamu, ni la kawaida katika nyaraka za Tanzania lakini halina mazoea kwa wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo. Kulitumia bila kulifafanua ni kubadilisha utata mmoja kwa mwingine.

Ya tatu ni ya nguvu ya amri, na ndiyo iliyo ngumu zaidi. Kiswahili huandika maazimio kwa dhamira tegemezi: ichangie, asichote, wahudhurie. Umbo hilo hubeba amri, ombi, pendekezo na kusudio, na msikilizaji hupambanua kwa muktadha. Aliyekuwapo kikaoni anajua kuwa ichangie ilisemwa baada ya kura, kwa hiyo ni amri. Kiingereza hakina umbo moja lenye upana huo. Humlazimisha mwandishi achague kati ya kitenzi kisaidizi cha lazima, cha ushauri na cha ruhusa. Mtafsiri asiyekuwa na uhakika huchagua cha ushauri, kwa sababu kinaonekana cha adabu na salama. Kwa chaguo hilo dogo, lililofanywa usiku mezani na si kikaoni, sheria ya kijiji imegeuka kuwa nasaha.

Ya nne ni ya kiunganishi juu ya. Katika Kiswahili cha Kivu, juu ya pampu huweza kumaanisha kwa sababu ya pampu. Wajumbe walikusudia mchango unaotokana na uharibifu wa pampu hii, na ambao ungekoma ikishatengenezwa. Katika Kiswahili sanifu maneno hayohayo humaanisha kuhusu pampu, na mtafsiri aliyesoma Kiswahili cha shule ameyaelewa hivyo. Toleo la Kiingereza halina sababu wala ukomo, na msomaji wa Mbarara huuona mchango wa kila mwezi usio na mwisho. Hapa mpaka haupo kati ya Kiswahili na Kiingereza, bali ndani ya Kiswahili chenyewe, na toleo la pili limeufanya kuwa wa kudumu.

Tofauti ya tano haielezeki kwa sarufi. Asichote mpaka aonane na kamati ni zuio. Wakutanishwe na kamati ili washauriwe si zuio. Hakuna msamiati uliomshinda mtafsiri hapa. Alijua kwamba msomaji wa Mbarara asingefurahi kusoma kuwa kamati inamnyima mkimbizi maji, akalainisha. Ulainishaji huu una mwelekeo. Toleo la Kiingereza huelemea kile ambacho wenye kuidhinisha fedha wanapenda kukiona: ushirikishwaji, hiari, ushauri. Toleo la Kiswahili huelemea kile ambacho wajumbe wanaweza kukitumia wao kwa wao: nani alipe, nani azuiwe. Kwa hiyo kusahihisha tafsiri baada ya kikao hakutoshi. Msahihishaji atakuta sentensi fasaha katika lugha zote mbili.

Gharama ya maelemeo haya humwangukia mtu asiyekuwapo mezani. Mama anayeishi ua mmoja na familia nyingine hulipa mara moja kwa pamoja na jirani yake, kama Kiswahili kinavyoruhusu. Baadaye mlinzi wa pampu, aliyeambiwa kwamba ofisi inahesabu familia, humzuia asichote. Mama hulalamika. Ofisi hufungua kitabu chake na kumjibu kwamba hakuna zuio lolote lililowahi kupitishwa. Kamati hufungua kitabu chake na kuonyesha zuio limeandikwa na kutiwa sahihi. Kila upande unasema kweli kwa mujibu wa kitabu chake, na mama hubaki na ndoo tupu bila kuwa na wa kumlaumu.

4. Nani mwenye neno la mwisho?

Jibu la kwanza linalopendekezwa na wanasheria ni kuchagua toleo moja litakaloshinda pindi matoleo yakitofautiana. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 120, inaeleza kwamba matoleo ya lugha tofauti ya sheria ya Bunge yakigongana, toleo lililotiwa sahihi na Rais ndilo litakalotawala. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa sababu sahihi huwekwa kwenye toleo moja. Katika kamati ya kijiji sahihi huwekwa kwenye yote mawili, au huwekwa kwenye lile la Kiingereza na watu wasioweza kulisoma. Sahihi ya aina hiyo ya pili ni ushahidi wa mahudhurio tu, si wa kuthibitisha maandishi.

Jibu la pili linatoka katika Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba wa 1969. Kifungu chake cha 33 kinayapa matoleo yaliyothibitishwa nguvu sawa, isipokuwa pande zimekubaliana vinginevyo, na tofauti isipoondoka kwa njia za kawaida za kufasiri, huchukuliwa maana inayoyapatanisha vizuri zaidi kwa kuzingatia lengo la mkataba. Historia ya kanda hii inaonyesha kwa nini kanuni kama hiyo ilihitajika. Mkataba wa Wuchale wa 1889 kati ya Ethiopia na Italia ulikuwa na kifungu cha 17 ambacho kwa Kiamhari kilimruhusu Mfalme Menelik kutumia serikali ya Italia katika mawasiliano na mataifa mengine, ilhali kwa Kiitaliano kilimlazimu. Ruhusa na lazima zilitenganishwa na kitenzi kimoja, kama ilivyo katika azimio la pampu. Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozifikisha pande hizo kwenye vita vya Adwa mwaka 1896.

Hata hivyo, kanuni ya upatanisho inahitaji mwamuzi, na kijiji hakina mahakama ya kufasiri kumbukumbu. Kinachofaa zaidi ni kanuni nyepesi ya sehemu mbili. Kwanza, kila azimio lioneshe lugha ambayo kwayo lilipigiwa kura. Toleo la lugha hiyo ndilo la kurejelewa kwa azimio hilo, si kwa kitabu kizima. Pili, tofauti ikigunduliwa, azimio lirudi kikaoni, na hadi hapo pasitekelezwe sehemu yoyote inayomwondolea mtu huduma. Sehemu ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, kwa sababu humlinda mtu wa tatu, ambaye hakuwamo katika mabishano.

5. Kuandika kwa pamoja ndani ya kikao

Canada, inayotunga sheria zake za shirikisho kwa Kiingereza na Kifaransa, iliacha kutafsiri miswada baada ya kuandikwa na tangu mwaka 1978 imekuwa ikitumia waandishi wawili wanaokaa pamoja, kila mmoja akiandika kwa lugha yake kutokana na maelekezo yaleyale. Kamati ya maji haina waandishi wa sheria. Lakini kiini cha utaratibu huo hakihitaji ofisi: matoleo yote mawili hutoka katika chanzo kimoja, na hakuna linalotoka katika jingine.

Kwa vitendo, daftari la rasimu hugawanywa safu mbili, na katikati huwekwa namba ya hoja. Kando ya kila hoja huandikwa herufi inayoonyesha lugha iliyosemwa, na pale maneno yalipopitia kwa mkalimani, huandikwa hivyo. Mjadala hauhitaji kurudiwa neno kwa neno katika safu zote mbili. Inatosha hoja zilezile zionekane kwa namba zilezile. Uangalifu wote huelekezwa kwenye maazimio. Kabla ya mikono kuinuliwa, katibu husoma azimio kwa Kiswahili, na mjumbe anayejua Kiingereza husema kwa Kiingereza alichosikia. Wakitofautiana, kura husubiri.

Azimio la pampu likipitishwa katika utaratibu huo, maswali yanayojitokeza si ya lugha tena. Mjumbe wa Kiingereza atauliza kama ni lazima au ni ushauri, kwa sababu lugha yake haimruhusu kuendelea bila kujua. Wa Kiswahili atauliza nyumba au familia. Mhamasishaji atauliza kama kweli wanataka mtu anyimwe maji. Hapo kikao kitagundua kwamba kilikuwa hakijaamua. Azimio litakaloandikwa baada ya hapo linaweza kuwa hivi:

"Azimio la 4 (limepigiwa kura kwa Kiswahili). Kila familia yenye hati yake ni lazima ilipe shilingi 2,000 kwa mwezi mpaka pampu itakapotengenezwa. Mweka hazina atapokea fedha na kuandika stakabadhi. Familia isiyolipa itatembelewa na wajumbe wawili ndani ya siku 14. Hakuna familia itakayozuiwa kuchota kwa kutolipa."

Sentensi hizi hazina mapambo. Kila moja ina mtendaji, kitendo na kikomo, na neno lazima limetajwa waziwazi badala ya kuachiwa dhamira tegemezi. Kwa sababu hiyo zinaingia katika Kiingereza bila mtafsiri kuchagua chochote. Huenda kikao kingeamua kinyume, kwamba asiyelipa azuiwe. Uamuzi huo nao ungeandikwa waziwazi katika vitabu vyote viwili, na Mbarara ingeujua siku ya kwanza, kabla ya mama yeyote kurudishwa kutoka pampuni.

Uthibitisho katika kikao kinachofuata hufuata mantiki hiyohiyo. Toleo la Kiswahili husomwa kwa sauti azimio kwa azimio, na mwenye toleo la Kiingereza hufuatilia kwa namba. Kisha hujibiwa maswali matano kwa kila azimio: nani, afanye nini, kwa kiasi gani, lini, na nini kitatokea asipofanya. Jaribio lenye kutegemeka zaidi ni kumpa kila toleo mtu ambaye hakuhudhuria na anayesoma lugha hiyo tu, kisha kulinganisha majibu. Majibu yakitofautiana katika swali moja tu, matoleo bado ni mawili. Saa za mikutano ziandikwe kwa tarakimu pamoja na neno la wakati wa siku katika matoleo yote, kwa kuwa saa nane mchana ya Kiswahili ni saa mbili katika hesabu ya Kiingereza, na akidi nyingi zimevunjika kwa saa sita za tofauti hiyo.

Lipo pia suala la nafsi. Kiambishi a- cha Kiswahili hakibainishi jinsia, lakini Kiingereza cha kawaida humtaka mwandishi aibainishe. Katika shauri la unyanyasaji linalopelekwa Mbarara bila kutaja jina, kibainishi hicho kimoja kinaweza kumfichua mlalamikaji aliyekuwa amefichwa na Kiswahili. Toleo la Kiingereza la mashauri hayo halina budi kutumia neno mlalamikaji kila mara, hata likichosha sikio.

6. Mipaka ya pendekezo

Utaratibu huu una gharama. Kikao huwa kirefu zaidi, na kamati isiyo na mjumbe hata mmoja anayeandika Kiingereza haiwezi kuutekeleza bila msaada. Msaada huo ukitoka kwa shirika lilelile linalofadhili mradi, maelemeo yaliyoelezwa hapo juu hurudi kwa mlango wa nyuma. Vilevile, lugha mbili si lugha zote. Msomali au Muethiopia asiyejua Kiswahili wala Kiingereza huingia katika kumbukumbu kupitia mkalimani, na mara nyingine kupitia wakalimani wawili. Kuandika kwamba alisema kupitia mkalimani hakumpi toleo lake, lakini huzuia maneno ya mkalimani yasichukuliwe kuwa yake.

Mpaka wa tatu unahusu Kiswahili chenyewe. Kuwalazimisha wajumbe kutumia istilahi sanifu ambazo hawazitumii kungetoa kitabu ambacho wahariri wangekisifu na wenye kijiji wasingekielewa. Afadhali neno la mtaani lililofafanuliwa mara moja mwanzoni mwa kitabu, kama vile familia kwa maana ya wenye hati moja, kuliko neno sanifu lisilofafanuliwa. Wataalamu wa Kiswahili wanaoshauri sera wanapaswa kukubali kwamba usanifu hapa si lengo.

7. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba vitabu viwili vya kikao kimoja huachana katika sehemu zinazotabirika: katika kitenzi cha kuamua, kipimo cha anayedaiwa, nguvu ya amri, sababu na ukomo, na adhabu. Nne za kwanza hutokana na tofauti za lugha, na ya tano hutokana na mwandishi anayejua nani atasoma. Kwa sababu hiyo, kuajiri watafsiri bora zaidi mjini Mbarara kutapunguza zile nne na kuiacha ya tano palepale. Ofisi zinazopokea kumbukumbu kutoka makazini zinaweza kuanza na sharti moja lisilo na gharama kwao: zisipokee toleo la Kiingereza la azimio lolote bila toleo lake la Kiswahili lenye namba ileile, lugha ya kura ikiwa imetajwa. Nazo kamati zinaweza kuanza na lao: pasipigwe kura kabla azimio halijasemwa kwa lugha zote mbili mbele ya watu watakaolitii.